Hesabu ya kwanza dukani: sabuni 36 hazionekani, sukari kilo 9 na nusu haipo, chumvi imezidi. Nisaidieni kabla sijamfukuza mtu

Mtoto wa Kaunta (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nina miaka 22, niko Korogwe. Tangu tarehe 1 Juni nasimamia duka la mama mkubwa, mwenyewe yuko Handeni anamuuguza bibi. Ni duka la mtaani tu: sukari, unga, mchele, sabuni, chumvi, viberiti, mafuta ya kupima. Tuko wawili, mimi na binti mmoja wa jirani ambaye nilimkuta, ana miaka miwili pale.

Utaratibu aliotuachia mama mkubwa ni huu. Kaunta buku ina ukurasa wa kila bidhaa. Kitu kikiuzwa unapiga kijiti. Jioni nahesabu vijiti, nazidisha kwa bei, nalinganisha na pesa ya droo na ile iliyoingia kwenye simu. Mwezi mzima pesa imekaa sawa, ikikosea ni mia tano au elfu moja.

Tarehe 30 usiku tukafunga mlango, nikasema leo nahesabu mali yote iliyopo. Sijawahi kufanya hivyo maishani. Nikatoa kila kitu kwenye shelfu, nikahesabu mpaka saa saba usiku. Asubuhi nikakaa na kaunta buku: kilichokuwepo mwanzo, ongeza kilichoingia, toa kilichouzwa. Vitu vingi vimekubali au vimepishana kimoja viwili. Lakini vitatu vimenivuruga kichwa.

Sabuni za kuogea zimepungua vipande 36. Sukari imepungua kilo 9 na nusu. Chumvi imezidi pakti 20. Imezidi, jamani!

Kwa bei ya kuuzia, sabuni ni 36,000 na sukari ni 26,600. Nikitoa chumvi ya 10,000 niliyozidi nayo, nabaki na hasara ya 52,600. Huo ni karibu mshahara wa yule binti. Jana nilimuuliza kwa sauti ambayo sasa hivi siipendi. Akalia, leo hajaja. Mama mkubwa sijamwambia bado.

---

Mwana wa Pangani

Pole sana mdogo wangu. Hiyo ni chuma ulete, wala usihangaike na madaftari. Kuna mteja anakuja asubuhi mapema na noti kubwa kununua kitu cha mia mbili? Mchunguze huyo.

---

Hesabu Kali

Acha kumtisha kijana. Chuma ulete huwa inachukua pesa, na yeye kasema pesa iko sawa. Tena kwa kuwa pesa iko sawa, binti hana hatia. Angeiba ungeona pengo kwenye droo.

Halafu angalia hiyo 36. Inagawanyika kwa 9. Ukiona tofauti inayogawanyika kwa 9, kuna mtu kageuza tarakimu: kaandika 62 badala ya 26, au 84 badala ya 48. Pitia ukurasa wa sabuni utaikuta. Nimefanya kazi ya uhasibu, najua ninachosema.

---

Bwana Fursa

Duka linauzwa bei gani mkuu? Nipe namba ya mwenye nalo.

---

Mtoto wa Kaunta

Bwana Fursa, haliuzwi.

Hesabu Kali, nimepitia ukurasa wa sabuni mara mbili. Vijiti nimevihesabu upya, ni 168. Sijaona palipogeuzwa.

---

Mzee wa Godauni

Kijana, nimekaa stoo miaka mingi, ngoja tuende taratibu.

Kwanza ondoa chumvi kwenye hiyo jumla yako. Ziada ya chumvi hailipi upungufu wa sabuni. Hayo ni makosa mawili tofauti na kila moja lina chanzo chake. Ukiyakata moja kwa lingine unabaki na namba moja isiyokuambia chochote. Kumbuka pia kwamba mwizi haongezi chumvi dukani. Ziada ni dalili kwamba daftari lenyewe lina ugonjwa, na daftari lenye ugonjwa kwenye chumvi linaweza kuwa nao kwenye sabuni.

Pili, Hesabu Kali kasema pesa iko sawa hivyo binti hana hatia. Hapana. Vijiti vinapigwa na haohao wanaouza. Mtu akiuza sabuni, asipige kijiti, akaweka elfu moja mfukoni, jioni droo itakubaliana na vijiti vizuri kabisa. Kwa hiyo pesa kukaa sawa hakumtoi hatiani, wala hakumtii. Hakusemi lolote juu yake. Wewe mwenyewe pia uko kwenye hesabu hiyo, usijisahau.

Tatu, ile kanuni ya 9 ipo kweli, ila 36 inagawanyika kwa 9 na inagawanyika kwa 12 pia. Dukani mimi huanza na 12. Dazeni tatu kamili zikipotea kwa mkupuo, sidhani ni mkono wa mtu. Mkono wa mtu unachukua 5, 7, 11. Namba nzima nzima kama hiyo hutoka kwenye karatasi au kwenye katoni.

Sasa nipe sabuni peke yake: mwanzo ngapi, zimeingia ngapi na kwa tarehe zipi, zimeuzwa ngapi, ulizikuta ngapi. Na useme namba ya mwanzo uliipata wapi.

---

Mtoto wa Kaunta

Shikamoo mzee.

Mwanzo 41, nimetoa kwenye daftari la mama mkubwa. Nilipopokea duka hatukuhesabu, alinionyesha tu daftari maana alikuwa anawahi gari. Zimeingia katoni 3, moja moja, tarehe 3, 13 na 24. Katoni ni vipande 72, jumla 216. Kwa hiyo 41 na 216 ni 257. Zimeuzwa 168. Zilitakiwa kubaki 89. Nilizikuta 53.

---

Mzee wa Godauni

Marahaba.

Hiyo 72 nani kakuambia?

---

Mtoto wa Kaunta

Imeandikwa ndani ya jalada la kaunta buku kwa mkono wa mama mkubwa. Ameorodhesha pale: katoni ya sabuni 72, bandali la chumvi pakti 20, na kadhalika. Ndiyo natumia kuingizia mali.

---

Mama Vitenge

Naomba kuchomekea hapa kwa sababu uzi huu umenigusa. Mimi nina duka la khanga na vitenge Mwanza. Mwaka wa pili wa biashara nilihesabu nikakuta doti 14 za khanga hazipo. Nilikuwa na kijana wa watu, mtaratibu, nikamwambia aondoke siku hiyohiyo, na mshahara wake nikaukata. Baada ya wiki tatu wanakuja walimu wa shule ya jirani, mishahara imeingia, wananilipa madeni yao. Nafungua daftari la madeni: doti 14. Nilizitoa mwenyewe kwa mkopo, nikaandika kwenye daftari la madeni, kwenye la mauzo sikuandika. Yule kijana nilimtafuta, simu haikupatikana tena.

Mdogo wangu, una daftari la madeni? Lilaze pembeni ya hilo lingine uyasome pamoja. Na huyo binti mfuate kwao leo, usisubiri hesabu iishe.

---

Mtoto wa Kaunta

Dada yangu ahsante. Daftari la madeni lipo, lina majina matano tu, na kila aliyekopa tulimpigia kijiti chenye duara. Nimeyalinganisha sasa hivi, yamekubali.

Kwa binti nitaenda jioni. Najikaza.

Mzee, umenifanya niende stoo kuangalia katoni. Mbili tulishazichana tukawashia jiko. Ya tarehe 24 ipo, tunawekea mishumaa. Ubavuni imeandikwa 60 x 100 g.

Sitini.

---

Mzee wa Godauni

Haya. Hesabu tena.

---

Mtoto wa Kaunta

Katoni 3 mara 60 ni 180. Na 41 ni 221. Toa 168, zinabaki 53. Ndizo nilizozikuta, hakuna hata moja iliyopotea. Nimekaa chini kwenye gunia la mchele.

---

Hesabu Kali

Sawa, nakubali ya 9 haikuwa yenyewe. Ila subiri kwanza. Umejuaje kama na zile katoni mbili ulizochoma zilikuwa za 60? Huenda moja ilikuwa ya 72 na sabuni 12 zimeondoka kweli, ila ukiihesabu kwa 60 pengo halionekani.

---

Mzee wa Godauni

Swali zuri, na jibu liko kwenye risiti za mwenye jumla. Kijana, katoni ulilipa shilingi ngapi mwezi wa 6, na mama mkubwa alikuwa analipa ngapi mwezi wa 5?

---

Mtoto wa Kaunta

Nimetoa risiti zote kwenye msumari. Mei ni 61,200. Zangu zote tatu za Juni ni 54,000. Nilifurahi sana siku ya kwanza, nikamwambia hata binti kwamba sabuni zimeshuka bei, karibu elfu saba na mia mbili. Nikaanzisha na ofa: kipande 1,000, vitatu 2,700.

---

Mama Vitenge

Uwiii.

---

Mzee wa Godauni

Basi zote tatu zilikuwa za 60. Bei ilibadilika siku moja na ujazo, na haikubadilika tena.

Sasa gawanya. Zamani 61,200 kwa 72 ni 850 kwa kipande. Sasa 54,000 kwa 60 ni 900 kwa kipande. Sabuni haijashuka mwanangu, imepanda shilingi 50. Wewe kichwani uligawa 54,000 kwa 72, ukapata 750, ukadhani una faida ya 250. Faida yako kwa kipande cha elfu moja ni 100. Na kile cha ofa unanunua 900, unauza 900. Hapo umemfanyia kazi mwenye kiwanda bila mshahara.

Usijilaumu sana. Katoni hupunguzwa ujazo bila tarumbeta, umbo lilelile, rangi ileile, na mwenye jumla hakuambii maana naye anauza katoni. Mimi nilikuwa na sheria moja kwa vijana wangu: ubavu wa katoni unasomwa kila inapoingia, na kwenye daftari inaandikwa vipande, kamwe siyo "katoni 1". Hiyo orodha ya ndani ya jalada ifute leo.

---

Mtoto wa Kaunta

Nimeifuta. Kwenye ofa nimeuza vipande 63, nilikuwa naviandika pembeni. Yaani vipande 63 nimevisindikiza tu.

Chumvi nayo nimeipata. Nimempigia binti simu, akapokea mama yake, nikaongea vizuri. Binti akasema tarehe 18 bodaboda alileta bandali la chumvi mimi nikiwa msikitini, akalilipa kwa pesa ya droo, risiti akaitia kwenye bati la chenji, na jioni akaniambia. Kweli naikumbuka ile jioni, nilitoa ile pesa kwenye matumizi lakini ukurasa wa chumvi sikuugusa. Bandali moja, pakti 20. Risiti ipo chini kabisa ya bati, imelowa mafuta.

---

Mwana wa Pangani

Na sukari je? Sukari haina katoni.

---

Fundi Mizani

Sukari niachieni mimi. Kijana, unapima kwa mizani ya mawe au ya umeme? Na robo mnazifunga kabla au mteja akija?

---

Mtoto wa Kaunta

Ya mawe, ile ya sahani mbili. Robo tunazifunga asubuhi, kama 25 hivi kwa siku, binti ndiye anafunga. Nusu na kilo tunapima mteja akija, mara nyingi mimi.

Sukari ilikuwa hivi: mwanzo kilo 22, imeingia mifuko 6 ya kilo 50, jumla 322. Imeuzwa 281, na kati ya hizo robo ni 784, sawa na kilo 196. Ilitakiwa kubaki 41. Imebaki 31 na nusu.

---

Fundi Mizani

Chukua robo 20 zilizofungwa, usizichague. Nenda kwa jirani mwenye mizani ya umeme yenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, zipime zote pamoja. Zinatakiwa kuwa kilo 5. Usipime moja moja, tofauti ya gramu chache mizani ya duka inaweza isiione vizuri, lakini kwa 20 itajitokeza tu.

Kabla ya hapo angalia sahani zako zikiwa tupu, mkono umelala sawa au umeinama? Geuza hilo jiwe la robo pia, wakati mwingine risasi ya chini huwa imedondoka.

---

Mtoto wa Kaunta

Nimerudi. Sahani tupu ziko sawa. Jiwe la robo nimelipima kwa muuza mchele, limesoma gramu 250. Robo 20 zimesoma kilo 5 na gramu 200.

---

Fundi Mizani

Gramu 200 kwa 20, kila robo ina gramu 10 za ziada. Mara 784 ni kilo 7 na gramu 840. Hizo ziko majumbani kwa wateja wako, zimeshanywewa.

Mizani haina kosa, kosa ni mkono. Mwangalie binti anavyofunga, nakuhakikishia anamimina mpaka sahani ya sukari igonge chini. Wateja wa mizani ya mawe wamezoea kuisikia ikigonga, wasipoisikia wanasema umewapunja. Lakini mizani inakuwa imekwisha kupima pale mikono inapolala sawa. Kuanzia hapo mpaka kugonga, unagawa.

---

Mtoto wa Kaunta

Amerudi. Nilienda kwao jana jioni na mama yangu mzazi, nikaomba radhi mbele ya wazazi wake. Baba yake alinyamaza muda mrefu halafu akaniuliza kama nimekula.

Leo asubuhi nikamwomba afunge robo tano kama anavyofanya siku zote. Ting. Ting. Ting. Nikamuuliza nani kakufundisha, akasema mama mkubwa, alimwambia robo isiyogonga ni ya mchoyo.

---

Mama Vitenge

Na ukizipunguza sasa hivi wateja watakwenda kwa jirani. Mimi ningeacha hivyohivyo, nyongeza inarudisha mteja.

---

Hesabu Kali

Nyongeza ya kilo 7 na gramu 840 kwa bei ya 2,800 ni karibu 22,000 kwa mwezi. Afunge kwa haki, robo ni robo. Akitaka kugawa, agawe akijua anagawa kiasi gani.

---

Fundi Mizani

Hapo mtabishana mpaka kesho. Mimi sina upande, ila kama anaacha iendelee, kwenye daftari asiandike kwamba mfuko wa kilo 50 unatoa robo 200. Kwa gramu 260 unatoa 192.

---

Mwana wa Pangani

9 na nusu toa 7 na 840, kuna kilo 1 na gramu 660 bado hamjaitaja. Nyie wasomi hii mnaipeleka wapi?

---

Mtoto wa Kaunta

Kaka umenibana. Kuna jambo sikulisema. Chai ya asubuhi tunachemsha palepale dukani, sukari natoa kwenye mfuko uliofunguliwa, na sijawahi kupiga kijiti. Ni mimi, siyo binti, yeye hanywi ya sukari nyingi. Kilo 1 na gramu 660 kwa siku 30 ni gramu 55 kwa siku. Nimepima vijiko vyangu vya leo, vimesoma gramu 40.

---

Mzee wa Godauni

Pima na za siku ambayo wageni wanakuja. Lakini hapo usijidai umefunga hesabu. Ile 22 ya mwanzo haikuhesabiwa na mtu. Mama mkubwa aliipima au aliikadiria?

---

Mtoto wa Kaunta

Nimempigia, nimemweleza yote kuanzia mwanzo. Kwanza kacheka kuhusu kugonga. Kuhusu 22 kasema, "Niliangalia tu mfuko ukiwa haujafika nusu." Na zile sabuni 41 anasema hizo alizihesabu.

---

Mzee wa Godauni

Basi kilo moja na kitu huwezi kuijua, inaweza kuwa chai, inaweza kuwa jicho la mama mkubwa. Andika hivyohivyo kwenye daftari: haijulikani, na sababu. Anza Julai na 31 na nusu uliyopima mwenyewe. Tarehe 31 ahesabu binti, wewe umwandikie majina ya bidhaa bila namba zinazotakiwa, ili asihesabu kufuata daftari.

---

Mtoto wa Kaunta

Sawa mzee. Chai nimeifungulia ukurasa wake, leo ina kijiti kimoja.

Ofa ya sabuni nimeiondoa, ila kwenye bei ndiyo nimekwama. Jirani anauza 1,000 na katoni zake nimezichungulia, naye ni 60. Nikipandisha 1,100 nabaki na sabuni zangu. Mama mkubwa anakuja Jumamosi, ndiye ataamua.

---

Bwana Fursa

Akija muulize kama anauza.